Mwongozo wa kutafsiri faktire ya hospitali, kwa yule aliyejisifu kwamba anajua Kifaransa

Kosa lako ni moja tu: ulisoma. Pale Ngungu kila mtu anajua kwamba ulimaliza sekondari ukapata diploma ya serikali, na kwamba Kifaransa hukitafuni, unakinywa. Basi siku mke wa binamu yako atakapozaa kwa kupasuliwa, na hospitali itakapotoa karatasi ndefu iliyojaa herufi fupi fupi, hakuna atakayekuuliza kama una nafasi. Utashtukia umekaa kwenye benchi ya nje, mama mkwe wake kulia, baba mdogo aliyeuza ng'ombe kushoto, na shangazi wawili wamesimama nyuma yako kuhakikisha huruki mstari. Wewe umeshika faktire, wao wameshika feza, na mlinzi ameshika geti.

Ngungu iko Masisi, katika zone ya afya ya Kirotshe. Kituo cha afya cha karibu hutibu mengi, lakini mzazi akishindwa kusukuma hupewa karatasi ya transfere na kuteremshwa kwenye hospitali kubwa, mara nyingi kwa pikipiki, njia ikiwa imelegea kwa mvua. Huko waganga na wauguzi watazungumza na familia kwa Kiswahili, na hata kwa Kihunde au Kinyarwanda. Faktire peke yake haikujifunza lugha hizo. Ndiyo maana umeitwa.

Tuseme karatasi uliyopewa ni hii. Ni ya mfano tu. Tarakimu nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane, na si bei ya hospitali yoyote.

- Kuonwa na daktari: dola 3
- Fishi: dola 1
- Labo (GE, Hb, GS): dola 6
- Upasuaji: dola 60
- Mafuta ya grupu: dola 10
- Dawa na serumu: dola 34
- Damu, mfuko 1: dola 15
- Pansema, mara 2: dola 10
- Kulala, siku 7: dola 14
- Karatasi ya kuzaliwa mtoto: dola 2
- Jumla: dola 155

Sasa fuata kanuni hizi, ukitaka kukumbukwa na ukoo mzima kwa ubaya.

Kanuni ya kwanza: anza na jumla

Kohoa kidogo, kisha tangaza: "Dola mia moja hamsini na tano." Kuanzia hapo hutasikilizwa tena. Baba mdogo atatoka kupiga simu, shangazi mmoja ataanza kuhesabu mbuzi waliobaki, na mama mkwe atauliza swali ambalo halina jibu kwenye karatasi: "Hii feza yote ni ya nini?"

Mjanja hukunja sehemu ya chini ya karatasi na kuanza na kile ambacho familia inakijua kuliko hospitali, yaani siku zenyewe. Mlifika lini? Jumatatu usiku. Alichomwa sindano ya kutoa damu? Ndiyo, mara moja. Aliingia kupasuliwa saa ngapi? Taa zilizimika, wakawasha grupu, ndipo akaingia. Aliongezewa damu? Mfuko mmoja, Jumanne asubuhi. Kidonda kilioshwa? Mara mbili. Anatoka lini? Leo, Jumapili asubuhi.

Familia hukumbuka matukio, na faktire hukumbuka mafungu. Kazi yako ni kuchukua kila mstari na kuuweka juu ya tukio lake. Mstari uliokosa tukio uwekee alama ya kuuliza. Tukio lililokosa mstari nalo liandike pembeni, kwa maana huenda limefichwa ndani ya mstari mwingine, na hilo litatusaidia baadaye.

Kanuni ya pili: soma herufi kama zilivyo

Soma "GE" kwa sauti nzito, kisha "Hb", kisha "GS", utulie, uwaangalie usoni. Watakuheshimu kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu mama mkwe atasema, "Alichomwa mara moja. Mbona wameandika mara tatu?" Hapo utajua kwamba aliyeishia darasa la pili ndiye mkaguzi.

Swali lake ni la haki na jibu lipo. Damu ilitolewa mara moja lakini ikapimwa mambo matatu. GE ni tone la damu linalotazamwa kwa darubini kutafuta malaria. Hb ni kupima kama damu mwilini inatosha. GS ni kujua kundi la damu, ili akihitaji kuongezewa asipewe isiyo yake. Ukishasema hivyo, mstari wa dola 6 unapata uso. Utaona mama mkwe akitikisa kichwa na kumweleza shangazi kwa maneno yake, na pengine kwa Kihunde. Mwache amalize. Huo ndio utafsiri unaofanya kazi. Wewe ulikuwa daraja la kwanza tu.

Kama swali ni la ugonjwa, kwa mfano kwa nini hakuachwa azae mwenyewe, usijibu. Faktire haisemi, na wewe si mganga. Mwite muuguzi wa wadi, kisha utafsiri atakachosema bila kuongeza chumvi.

Kanuni ya tatu: siku ni siku, usihesabu

Imeandikwa siku 7. Tamka saba uendelee. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, si zinatimia?

Zinatimia ukihesabu siku. Ukihesabu usiku, alilala mara sita. Hospitali nyingine huhesabu usiku. Nyingine huhesabu siku ya kuingia na ya kutoka zote mbili. Nyingine hudai siku ya mwisho ikiwa mgonjwa amepita saa sita mchana kitandani. Usipayuke kwamba mmeibiwa. Uliza hivi: "Hapa mnahesabu siku namna gani?" Katika mfano wetu jibu ni la saa sita mchana, na sasa ni saa tatu asubuhi. Dola 2 zinafutwa. Lakini angalia saa. Mabishano marefu juu ya kulala yanaweza kuwafikisha saa saba, na siku ya saba ikawa halali.

Kanuni ya nne: dawa zote ni dawa

Mstari wa "dawa na serumu, dola 34" ni mzuri kwa mtafsiri mvivu, kwa sababu ni maneno mawili mepesi. Sema "ni dawa" uruke. Shangazi wa nyuma atakugusa bega: "Na zile tulizonunua nje?"

Hapa ndipo pesa za familia hupotea pasipo mwizi. Usiku ule famasi ya hospitali ilikuwa imeishiwa antibiotiki. Muuguzi aliandika orodha kwenye kikaratasi, baba wa mtoto akakimbia famasi ya ng'ambo ya barabara na kurudi na vichupa na risiti. Muuguzi alichoma sindano, akaandika kwenye fishi ya mgonjwa: imetolewa saa nne usiku. Asubuhi ya kutoka, mwandishi wa faktire alikaa na fishi hiyo akahesabu kila sindano iliyotolewa. Fishi inasema dawa iliingia mwilini. Haisemi nani aliinunua. Kwa hiyo kila mmoja amefanya kazi yake sawasawa, na familia imelipa mara mbili.

Omba mstari huo ufunguliwe, uandikwe dawa moja moja na idadi yake. Kisha uombe familia risiti za nje. Zitatoka sehemu za ajabu: kwenye pembe ya kitenge, ndani ya kofia, katikati ya kitabu cha nyimbo. Linganisha. Kwa mfano wetu vichupa vya dola 8 vinaonekana pande zote mbili, na dola 8 zinaondoka. Ambaye hana risiti hana shahidi, hata kama famasi nzima inamkumbuka. Uliza pia kama kuna serumu iliyolipiwa ambayo haikufunguliwa. Ama irudishwe na kuondolewa kwenye hesabu, ama mpewe mwende nayo.

Kanuni ya tano: upasuaji ni kisu tu

Waeleze kwamba dola 60 ni za daktari kukata na kushona, na dola 10 za pansema ni za kuosha kidonda. Ni maelezo safi, na yanaweza kuwa si ya kweli.

Kuna hospitali zinazolipisha kila kitu kivyake, na kuna zile zenye bei moja iliyofungwa pamoja: upasuaji, uzi, glavu, usingizi, hata kuosha kidonda mpaka siku ya kutoka. Hospitali ya namna hii ya pili ikiandika bei ya fungu na kisha kuandika tena vilivyomo ndani ya fungu, imehesabu mara mbili. Jibu huwa limebandikwa ukutani, kwenye orodha ya bei, mahali ambapo mlango ukifunguliwa huifunika. Funga mlango usome. Kwenye mfano wetu orodha inasema pansema imo ndani ya bei ya upasuaji. Dola 10 zinaondoka.

Soma orodha hiyo mpaka chini. Hospitali nyingi za Kongo zina bei mbili: ya aliyetumwa na kituo cha afya kwa karatasi ya transfere, na ya aliyekuja mwenyewe, ambayo ni kubwa zaidi. Mmetoka na karatasi kutoka kituoni. Hakikisha haikubaki kwenye mfuko wa dereva wa pikipiki.

Mafuta ya grupu hayafai kubishiwa kwa sauti kubwa. Taa zilizimika, grupu ikawashwa, wote waliiona. Unachoweza kuuliza ni kama usiku ule walipasuliwa wengine pia, na kama kila mmoja ametozwa mafuta ya usiku mzima.

Kanuni ya sita: sema damu imeuzwa

Hakuna sentensi itakayowasha moto haraka zaidi. Baba wa mtoto alilazwa kwenye kitanda akatoa damu yake, na sasa karatasi inasema damu ni dola 15. "Damu yangu mwenyewe wananiuzia?"

Damu iliyotolewa na mtu haiuzwi. Kinacholipiwa ni mfuko wenyewe, neli ya kuongezea, na vipimo vya kila damu kabla hajapewa mwingine: Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, pamoja na kuilinganisha na ya mgonjwa. Tena damu ya baba pengine haikuingia kwa mama hata kidogo. Huenda kundi halikupatana. Iliwekwa kwenye friji kujaza nafasi ya mfuko ambao mama alipewa. Eleza hivyo polepole, ukimtazama baba na si karatasi. Kisha uliza kama kwenye orodha ya ukutani aliyeleta mtoa damu anapunguziwa.

Kanuni ya saba: usiulize nani mwingine analipa

Si kazi yako, sivyo? Lakini Masisi ni nchi ya miradi. Madaktari Wasio na Mipaka wamesaidia hospitali za Masisi na Mweso miaka mingi, na wanapofanya kazi matibabu huwa bure. Mashirika mengine hulipia wazazi, au watoto chini ya miaka mitano, au waliokimbia vita, au waliopigwa risasi. Mradi una mwanzo na una mwisho, na habari za mwisho wake hufika Ngungu baada ya mgonjwa kufika hospitalini. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: kuna mradi unaohusu wazazi mwezi huu? Unalipa yote au sehemu? Kama familia imekimbia vita, wana karatasi gani ya kuonyesha? Na chanjo ya kifua kikuu anayochomwa mtoto mchanga haina bei. Ukiiona kwenye mstari, uliza ni kitu gani hasa kinacholipiwa.

Halafu kuna mlipaji wa kwanza kabisa ambaye faktire imemsahau: familia yenyewe. Jumatatu usiku, kabla ya kisu, walidaiwa feza ya kuingilia, wakatoa dola 50. Risiti iko kwa mama mkwe. Faktire imejumlisha gharama tu, kwa sababu feza ile iliandikwa kwenye daftari lingine, na mtu wa zamu ya usiku si huyu wa asubuhi.

Sasa kunjua sehemu ya chini. Dola 155, toa 2 za kulala, toa 8 za dawa, toa 10 za pansema: zinabaki 135. Toa 50 zilizokwisha kulipwa: zinabaki 85. Omba karatasi iandikwe upya na kugongwa muhuri. Kalamu ya pembeni haitoshi, kwani kesho itasemwa ni mwandiko wako.

Kanuni ya nane: badilisha dola kichwani

Faktire inasema dola. Baba mdogo aliuza ng'ombe kwa faranga. Mwambie "tutalinganisha tu". Tuseme kaunta inahesabu dola 1 kwa faranga 2,900, na mbadilisha feza wa nje anauza dola kwa 2,850. Kwenye dola 85 tofauti ni faranga 4,250, nauli ndogo ya kurudia. Lakini ukinunua dola nje, kagua kila noti. Noti ya dola yenye mchaniko wa ukucha, au iliyochoka, itakataliwa na kaunta, na mbadilisha feza atakuwa amesahau sura yako. Ikiwa ndugu wa Goma anatuma kwa simu, mwambie aongeze na gharama ya kutoa.

Kanuni ya tisa: jifanye mwanasheria

Familia ikikosa dola 20 za mwisho, simama katikati ya ua utangaze kwamba kumzuia mgonjwa ni kosa. Unaweza kuwa na haki. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili waliojifungua katika hospitali ya Pumwani kwa kukosa kulipa kulivunja haki zao. Desemba 2017 taasisi ya Chatham House ya London ilitoa ripoti nzima juu ya desturi hii duniani. Lakini mlinzi wa geti hajaisoma, na mama bado ana nyuzi tumboni.

Nenda kwa msimamizi wa mambo ya feza, yule ambaye wote humwita AG. Nenda na mtu mmoja mzima wa familia, si wote, na acha yeye aombe, wewe tafsiri. Aombe mambo matatu yanayoweza kupewa: kupunguziwa, kulipa kwa awamu, au kuandikwa miongoni mwa wasiojiweza. Ahadi ya awamu iandikwe na tarehe. Wakitaka rehani, kama kadi ya kura au simu, iandikwe nini kimeachwa, kwa deni la kiasi gani, na kitarudishwa lini. Usiahidi kitu kwa niaba ya baba mdogo. Mtafsiri aliyeahidi ndiye mdaiwa.

Kanuni ya mwisho: ukimaliza, ondoka

Feza imelipwa, boni ya kutoka imegongwa muhuri, pikipiki inanguruma. Ruka, nenda zako.

Lakini kule Ngungu wanasubiri waliochanga: jirani aliyekopesha, kanisa lililopitisha kikapu, kaka wa mama aliyetoa debe la maharagwe. Jioni hiyo watakaa na kuuliza ng'ombe mzima alikwenda wapi, na wewe hutakuwepo. Kwa hiyo kabla hawajapanda, mpe mama mkwe faktire mpya na risiti zote, za hospitali na za nje, kisha umwombe akusimulie mstari kwa mstari, kwa lugha yake, kana kwamba wewe ndiye uliyechanga. Akikwama kwenye damu, rudia damu. Akikwama kwenye zile dola 50, rudia hapo mpaka zikae. Hajui kusoma? Mfundishe mpangilio: mstari wa kwanza daktari, wa tatu labo, wa saba damu, akipita na kidole atajua.

Akimaliza bila kukutazama, faktire imetafsiriwa. Akikutazama hata mara moja, zima pikipiki.